Zilizoingia benki si mauzo yote

"Steitimenti ya miezi 12 zimeingia milioni 48, na mteja anayeomba mkopo kaandika kwenye fomu mauzo milioni 48. Si zimelingana?"

Hapana, na kulingana hivyo ndiko kunakonitia shaka. Toa kwanza hela zisizo za mauzo. Faili kama hilo nililipitia juzi: milioni 9 alijihamishia kutoka akaunti yake ya akiba, 6 zilikuwa mkopo, 1 ni hundi iliyoingia ikarudi. Zikabaki 32. Na hiyo akaunti ya akiba hakuitaja kwenye fomu, niliiona kwenye maelezo ya muamala.

Ila usimwite mwongo haraka. Anayeuza taslimu na kununua mzigo kabla ya kupeleka hela benki ataonekana ameuza kidogo. Mwombe daftari la mauzo na risiti za manunuzi.

– Mimi najumlisha salio la kila mwisho wa mwezi, napata mauzo ya mwaka.

– Hapo umepotea mkuu. Salio ni kilichobaki, si kilichouzwa.

– Na sisi wenye steitimenti ya simu tu? Yangu wameikataa bila kusema sababu.