Ripoti ya kuungua maabara

"Mtoto wa kidato cha pili ameungua mkono kwenye kemia, shule iko Kisumu. Mkuu anataka ripoti jioni. Niandike nini?"

Mwalimu, andika sasa kabla mashahidi hawajaanza kulinganisha hadithi. Usiandike "mwanafunzi alikuwa mzembe". Hilo ni hukumu. Andika kilichoonekana. Kwa mfano: "Saa 4:20 asubuhi, meza ya tatu, taa ya spiriti iliongezwa spiriti kutoka chupa ya nusu lita ikiwa bado inawaka." Moto wa spiriti hauonekani vizuri kwenye mwanga wa dirishani, ndiyo maana watu hudhani umezimika. Taja nani alimimina, nani aliruhusu, na kama alivaa miwani na koti. Taa na chupa zifungiwe kabatini, zisioshwe.

Mwingine: Inatosha kusema mwalimu alikuwepo.

Haitoshi, ndugu. Alisimama wapi, na wanafunzi walikuwa wangapi? Kama alikuwa ubaoni akiwapa mgongo, iandikwe hivyo hivyo.

Mwingine: Wangu alipakwa dawa ya meno, akapona.

Pole, ila hiyo hunasa joto na kumficha daktari kidonda. Maji baridi ya mfereji dakika 20. Andika yalianza na kuisha saa ngapi.

Mzazi apigiwe simu kabla ya ripoti kumalizika. Andika saa, aliyepiga, aliyepokea na alichoambiwa. Asipopokea, andika kila jaribio. Nani apige, mkuu au mwalimu wa darasa?

Mwingine: Kwetu ni mkuu tu.

Kwetu ni yeyote aliye karibu na simu.