Msifute C:\Windows\Installer! Jibu kwa anayekwama na 1603

*"Wakuu, naweka toleo jipya la programu ya hesabu za duka, Windows 10. Inafika karibu na mwisho, inarudi nyuma, inasema Fatal error during installation, 1603. Nimezima na kuwasha, wapi. Fundi mmoja hapa Darajani ananambia nifute folda ya C:\Windows\Installer, imejaa GB 14 na ndiyo inayokwamisha. Nifute? Na antivirasi nizime? Au nipande Windows 11 kwanza?"*

Usifute, yakhe. Kama umeshaifungua, ifunge. Kama umeshabonyeza Delete, nenda Recycle Bin sasa hivi uzirudishe, mengine utayasoma baadaye.

Ushauri huo huo tulipewa ofisini kwetu Chake Chake, na mtu aliyelipwa. Alitwambia hizo ni takataka za usakinishaji uliokwisha. Folda ikafutwa, diski ikapumua, kila programu ikafunguka kama kawaida, naye akaondoka na pesa yake. Hapo ndipo penye hatari yenyewe: siku hiyo hakuna kinachoharibika. Programu haiihitaji folda ile ili ifunguke. Inaihitaji siku ya kuondolewa, kutengenezwa au kupandishwa toleo. Kwa hiyo madhara yalijitokeza baadaye kabisa, toleo jipya la programu ya mishahara lilipokuja, na hakuna aliyekumbuka kuyahusisha na ule usafi.

Ukisakinisha kitu kwa faili la MSI, Windows hubakisha nakala yake ndani ya C:\Windows\Installer na kuipa jina lisiloeleweka, mfano 3f2a1c.msi. Ndani ya nakala ile mna maelekezo yote ya kuiondoa programu hiyo. Toleo jipya linapokuja, mara nyingi huanza kwa kuliambia la zamani lijiondoe. La zamani hutafuta maelekezo yake kwenye nakala ile. Isipokuwepo, hujaribu pale liliposakinishwa mwanzo, iwe flashi au folda ya Downloads. Napo pakiwa patupu, kazi yote inasimama na kurudishwa nyuma, na wewe unaonyeshwa 1603. Usidhani utanusurika kwa kukopa folda ya kompyuta ya jirani: majina ya nakala zile hayafanani baina ya mashine na mashine, na rejista ya Windows yako inatafuta jina lake.

Sasa huyo fundi wako amejuaje kwamba folda ndiyo inayokwamisha? Hajui. 1603 haitaji ugonjwa, inasema tu kwamba kuna hatua imeshindwa na kila kitu kimerudishwa. Hatua ipi, hilo liko kwenye logi, yaani faili linaloandikwa kila hatua ya usakinishaji, na logi hakuisoma. Watu wa namna hii wananiudhi vibaya sana, kwa sababu wanatoza hela kwa kubahatisha kwenye mali ya mtu.

Basi kanuni yangu ni moja: usiguse chochote mpaka umesoma logi. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, kisha andika hivi, ukibadilisha njia na jina la faili lako:

```
msiexec /i "D:\Programu\hesabu.msi" /L*v "%TEMP%\hesabu.log"
```

Acha ianguke tena. Halafu fungua logi kwa kuandika hapo hapo `notepad "%TEMP%\hesabu.log"`, bonyeza Ctrl+F, utafute `Return value 3` kuanzia juu. Shika ile ya kwanza. Zinazofuata ni hatua kubwa zinazotangaza kwamba hatua ndogo ndani yao imeanguka, hazina jipya. Ukiipata, panda mistari michache juu yake, usishuke. Sisi tulikuta kitu cha namna hii:

```
Error 1714. The older version of ... cannot be removed.
Contact your technical support group. System Error 1612.
Action ended 10:42:19: RemoveExistingProducts. Return value 3.
```

Hatua iliyoanguka ni RemoveExistingProducts, yaani kuondoa toleo la zamani. Na 1612 maana yake chanzo cha usakinishaji hakipatikani. Nakala yetu ilikuwa imefutwa, na flashi iliyotumika mwanzo hakuna aliyejua iko wapi.

Dawa ilikuwa kulipata faili la MSI la toleo la zamani, lile lile lililokuwa ndani ya mashine, na si jipya. Muuzaji akatutumia, tukaendesha:

```
msiexec /fv "D:\Zamani\mishahara.msi" /L*v "%TEMP%\tengeneza.log"
```

Hiyo `/fv` inaiambia Windows isome kutoka faili hili na kuiweka upya nakala iliyopotea. Mara ya kwanza ikakataa kwa kosa la 1316. Sababu ni jina: faili lilikuwa limepakuliwa mara mbili, kivinjari kikaliita `mishahara (1).msi`. Windows inakumbuka jina lililotumika siku ya kwanza na inataka lile lile. Tukalirudishia jina lake, likapita, kisha toleo jipya nalo likaingia bila tatizo. Ukikuta 1605 badala yake, faili ulilonalo si lile lililosakinishwa, ni toleo jingine la programu hiyo hiyo. Rudi kwa muuzaji umtajie namba kamili ya toleo kama inavyoonekana kwenye Programs and Features.

Asiyelipata kabisa faili la zamani atumie zana ya Microsoft iitwayo Program Install and Uninstall troubleshooter. Ile hufuta usajili wa programu iliyokwama ili jipya lipite. Lakini hifadhi kwanza data zako za hesabu mahali pengine, maana zana hiyo haijui wala haijali hifadhidata yako iko wapi.

Huenda lakini logi yako ikasema jingine kabisa, maana folda yako bado ipo. Ukiona Error 1303 na jina la folda, ni ruhusa: bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia, Properties, Security, uhakikishe SYSTEM ana Full control. Wengi hujipa ruhusa wao wenyewe wakamsahau SYSTEM, na huyo ndiye anayefanya kazi ya kusakinisha. Ukiona `CustomAction` kisha `returned actual error code`, basi kilichoanguka ni kipande alichokiandika mtengenezaji wa programu, pengine kinatafuta huduma au hifadhidata isiyowashwa. Hapo mpelekee yeye logi, hata uisugue Windows yako wiki nzima hutafika.

Hizo GB 14 zisikutishe. Microsoft Office ikiwa na masasisho mengi, folda ile hunenepa. Ukitaka nafasi, hamisha picha na video, usafishe Temp.

Endesha ile amri ya kwanza, kisha uniwekee hapa mistari kama ishirini iliyo juu ya `Return value 3` ya kwanza. Kabla ya kubandika, pitia ufute jina la kompyuta yako na nywila yoyote, kwani logi ya aina hii huandika hata zile ulizojaza kwenye fomu ya usakinishaji.