Belo la blauzi la kilo 45: mwambie mteja kilichomo kabla hajakata mikanda

Mwaka wangu wa pili wa kuuza mabelo ya mitumba pale Ilala, dada mmoja wa Tandika alinirudia asubuhi na mapema, daftari mkononi, uso umemvimba kwa hasira. Juzi yake alikuwa amechukua kwangu belo la blauzi za kike, gredi A, kilo 45, kwa shilingi 480,000.

"Dada, niliambiwa humu mna nguo mia nne. Nimehesabu mara mbili, zimo mia mbili arobaini na nane. Zingine ziko wapi?"

Mia nne hakuambiwa na mimi, aliambiwa na mpiga debe aliyemleta stoo. Ila nikijihukumu vizuri, mimi sikumwambia chochote kabisa. Nilihesabu hela zake, nikamwitia kijana wa guta, nikageukia mteja mwingine. Ndiyo maana nikafunga stoo, nikaenda naye Tandika mpaka chumbani kwake, tukakaa na lile rundo. Siku ile ilinifunza namna ya kuuza belo kuliko muda wote uliotangulia, kwa hiyo ninayoandika hapa nawaandikia hasa wenzangu mnaoanza kuwauzia wachuuzi wadogo.

Tuanze na hiyo mia nne, kwa sababu ndiyo ugomvi wa kila wiki. Kule kiwandani mitumba inakochambuliwa, belo hufungwa kwa uzito, si kwa idadi. Mfungaji anajaza mashine, mizani ikisoma 45 anakandamiza na kufunga mikanda. Idadi ya nguo inategemea nguo yenyewe ina uzito gani. Blauzi nyepesi za sifoni, zile zinazopeperuka hata feni ikizimwa, moja ina kama gramu 110, na hizo kweli zinafika mia nne. Blauzi za pamba zina gramu 170 mpaka 200, kwa hiyo utapata mia mbili na ushee. Belo la dada wa Tandika lilikuwa la pamba: kilo 45 kugawa nguo 248 ni gramu 181 kwa nguo. Hakuibiwa hata moja. Mpiga debe naye hakutunga uongo kutoka hewani, alikuwa ameona belo la sifoni akadhani blauzi ni blauzi.

Siku hizi mteja akiniuliza zimo ngapi, namjibu kwa aina. Jinzi za watu wazima, kilo 45 zinatoa kama 70. Tisheti ni kati ya 200 na 250. Nguo za watoto mchanganyiko ni mia tatu na kitu, na zikiwa za vichanga zinapanda zaidi. Halafu namwambia asizifurahie namba kubwa tu. Blauzi mia nne za sifoni wakati akina mama wa mtaa wako wanataka pamba kwa ajili ya joto ni mzigo wa kukaa nao ndani.

Jambo la pili lililomuumiza ni neno gredi A. Alipofungua alikuta blauzi zina vifungo vilivyokatika, mbili tatu zina doa kwapani, nyingine zimepauka. "Hii A ya wapi?" Swali zuri, kwa sababu hakuna ofisi moja duniani inayopanga gredi za mitumba. Kila kiwanda cha kuchambulia kina A yake. Kwa kawaida A maana yake nguo haijachanika, haina tundu, haina doa la kuonekana, na bado inavaliwa. Haina maana kwamba ni mpya wala kwamba ni ya fasheni. Blauzi ya bibi wa miaka sabini yenye maua makubwa, kama ni nzima, ni A halali kabisa. Iliyo juu ya A wenyewe tunaiita krimu: nguo kama hazijavaliwa, zenye majina, na bei yake nayo ni nyingine. B ni ile yenye kasoro unayoweza kuishi nayo, kifungo, zipu, rangi iliyochoka. Tena wachambuzi kule wanasimama kwenye mkanda unaopita nguo mbele yao, wana sekunde chache kwa kila moja, kwa hiyo hata A ya kiwanda kizuri huwa na makosa machache. Mimi nikikuta nguo kumi mbovu katika mia kwenye A sipigi kelele. Zikifika ishirini na tano, kiwanda hicho sichukui tena.

Kwenye rundo la Tandika tulichambua hivi. Tulikaa mlangoni penye mwanga wa jua, kwa sababu taa ya umeme inaficha madoa ya manjano. Kila nguo tuliitazama kwapani kwanza, kisha kola, kisha tukaivuta mbele ya mwanga kuona vitundu. Namba moja zilitoka 52. Namba mbili, nguo nzima ila za kawaida, 97. Namba tatu, zilizopauka au zilizoota manyoya, 68. Zilizobaki 31 hazikuwa za kuvaliwa. Vifungo tulivyovikuta vimekatika havikushusha nguo daraja, maana kopo la vifungo na sindano vinamaliza kazi hiyo jioni moja.

Hapo ndipo nikamuuliza alipanga kuuza vipi. Akasema zote shilingi 3,000. Nikamwambia ukifanya hivyo, wateja wako watatu wa kwanza watazichukua zile 52 zote, na wewe utabaki na nguo karibu mia mbili ambazo hata kwa buku hazitoki. Tukapanga upya: namba moja 6,000, namba mbili 3,000, namba tatu 1,500, na zile 31 zifungwe zipelekwe gereji kwa mafundi wa kufutia oili, 5,000 kwa fungu zima. Kwa karatasi ilikuwa 710,000. Baada ya wiki tatu alikuwa ameshika 612,000, kwa sababu wateja wa Tandika wanajua kupatana na namba tatu aliishia kuzimwaga chini kwa bei ya kutupa. Ukitoa mtaji, guta, ushuru wa meza na mkaa wa pasi, alibaki na kama laki moja. Sasa fikiria angekuwa amekopa huo mtaji kwenye kausha damu. Ndiyo maana mteja mgeni akinijia na hela ya mkopo wa wiki namuuzia nusu: nawakutanisha wawili, wanachangia belo moja, wanagawana palepale kwa zamu, nguo moja huku moja kule.

Kuna lalamiko moja ambalo likija huwa nalichukulia kwa uzito wote, nalo ni belo lililochokonolewa. Wapo watu wanaolegeza mikanda, wanachomoa namba moja, wanarudishia masalia, kisha wanafunga tena na kuliuza kama halijaguswa. Niliwahi kuuziwa mawili hivyo na mtu wa jumla niliyemwamini, na nikayauza kwa wachuuzi kabla sijajua. Hela zao nilirudisha, zangu mimi hazikurudi.

Toka hapo, kila belo nalikagua mbele ya mteja. Naligonga kwa ngumi: lililofungwa na mashine ni gumu kama tofali, lililochokonolewa lina tumbo. Naangalia mikanda. Mkanda uliokandamiza kiroba wiki nyingi baharini unaacha mfereji kwenye kiroba, na mkanda unatakiwa uwe umelala ndani ya mfereji wake. Ukiona mfereji uko huku na mkanda uko vidole viwili pembeni, umeshafunguliwa huo. Naangalia mshono wa kiroba, kama uzi ni wa mashine mwanzo hadi mwisho au kuna mahali mkono umepita. Mwisho nalipandisha kwenye mizani. Kiroba, nailoni na mikanda kwa pamoja havifiki kilo moja, kwa hiyo la 45 likisoma 45 na nusu hivi niko sawa. Likisoma 43, silipokei. Na likisoma 48 pia sifurahi, hasa masika, kwa sababu kilo za ziada mara nyingi ni maji. Nalinusa kwenye kona za chini. Harufu ya uvundo ikitoka, ndani kuna nguo zimeota ukungu, na ule weusi wa ukungu ni kazi kuutoa.

Mchokonoaji mjanja hurudishia uzito uleule, hivyo mizani peke yake haitoshi. Kinachomuumbua ni ndani. Nguo za kiwandani zimelala tabaka kwa tabaka, zimekunjika makunyanzi makali kama karatasi. Zilizoshindiliwa hapa mjini zimejikunja ovyo mdomoni mwa kiroba, na wakati mwingine zinanukia sabuni ya unga ya hapahapa kwetu.

Majira nayo usiyasahau. Lebo inaweza kusema blauzi na ikawa kweli, lakini mzigo ulikusanywa kule wakati wa baridi, ndani ni mikono mirefu na shingo ndefu mpaka kidevuni. Kwa Dar hiyo ni adhabu. Mimi belo la namna hiyo namtafutia mteja wa Njombe au Makete, ambaye analipigania. Namwambia mchuuzi wa Mbagala wazi kwamba hili si lako hata nikikupunguzia. Nguo za ndani zilizotumika nazo TBS ilishazipiga marufuku, kwa hiyo ukizikuta zimejipenyeza kwenye belo zitenge, usizitundike.

Sheria ya wauzaji wengi mjini ni kwamba mkanda ukikatwa hakuna kurudisha. Yangu nimeipinda kidogo. Mteja akitaka, tunakata mikanda kwenye turubai langu, tunatoa nguo ishirini kutoka juu, katikati na chini, tunazipima na kuzitazama. Zikilingana na nilichosema, belo ni lake na hela haitoki kwangu. Zisipolingana, hasara ni yangu, nitazichambua mwenyewe. Wenzangu wa stoo za jirani wanasema najitafutia balaa, na kweli mwaka jana nilibaki na matatu yaliyokatwa mikanda.

Yule dada wa Tandika bado anakuja. Siku hizi akifika hata shikamoo kwa mama wa chai anaitoa baadaye; kwanza anapita moja kwa moja kwenye mizani, anaipiga teke kuona kama imekaa sawa.