Dakika tatu kutoka Wete: mtangazaji studio, mwandishi nje

Mazungumzo ya moja kwa moja redioni kati ya mtangazaji na mwandishi aliyeko nje huharibika zaidi kwenye kupokezana: pale neno linapotoka studio kwenda nje, na pale linaporudi. Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, anza kujifunza hapo. Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni siku ya kufunguliwa ununuzi wa karafuu. Mwandishi yupo Wete, Pemba, kwenye kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la serikali, na studio ipo Mjini, Unguja. Mmepewa dakika tatu ndani ya habari za mchana. Mwandishi tumwite Asha, na mtangazaji Khamis.

Kabla ya maneno kuna masikio. Asha anapopigiwa na fundi mitambo, anatakiwa amsikie Khamis na matangazo yanayoendelea, lakini asijisikie yeye mwenyewe. Sauti yake ikirudishwa sikioni itafika imechelewa. Kwa simu ya kawaida ni sehemu ndogo ya sekunde, na kwa njia ya intaneti yenye mtandao mzito huweza kufika sekunde nzima. Mtu akijisikia kwa kuchelewa hivyo, ulimi humzidi: anavuta maneno, anasimama katikati ya sentensi, anarudia silabi. Msikilizaji nyumbani hausikii ule mwangwi. Anachosikia yeye ni mwandishi mwenye kigugumizi, na atadhani hajajiandaa. Fundi aangalie kwenye miksa njia ya sauti inayorudi kwa mwandishi, na kwenye chaneli ya simu ya Asha kitufe cha kupeleka sauti njia hiyo kiwe sifuri. Njia ya kujaribu ni nyepesi: Asha ahesabu kuanzia moja hadi kumi kwa kasi yake ya kawaida. Akifika kumi bila ya kusita, laini ni safi.

Asha naye asifuatilie matangazo kwa redio pembeni, kwani redio nayo humfikia imechelewa. Halafu kuna la mtaani ambalo wageni wa kazi hawalitegemei. Watu wakiona kipaza sauti, mwenye duka jirani hufungua redio yake kwa sauti kubwa ili amsikie mwandishi aliye mbele yake. Basi pita mapema, mwombe kwa upole aipunguze mpaka umalize. Zima pia huduma ya simu inayosubiri, maana mlio wa mtu mwingine anayekupigia utasikika laini nzima. Kwa simu nyingi unabonyeza `#43#` kisha unapiga. Ujumbe wa mtayarishaji upokee kwa simu ya pili iliyozimwa mlio, nayo uiweke mbali na kipaza sauti.

Sasa maneno. Habari za Kiswahili zikisomwa kwa kasi nzuri huenda karibu maneno mawili kwa sekunde. Utangulizi wa Khamis uwe wa sekunde 20 hivi, yaani maneno 40 au pungufu. Kosa tunalolisikia kila siku ni utangulizi kumnyang'anya mwandishi maneno. Khamis anasema wakulima wamejipanga kwa wingi Wete kuuza karafuu, kisha Asha anafungua kinywa: "Naam, wakulima wamejipanga kwa wingi hapa Wete kuuza karafuu." Sekunde tano hivi zimepotea, na msikilizaji kashageuka. Gawaneni mapema: habari ni ya studio, kinachoonekana ni cha mwandishi. Mtayarishaji amsomee Asha utangulizi kwa simu neno kwa neno kabla ya kuingia hewani, hasa sentensi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo alama yake ya kuanza.

Kwa mfano wetu utangulizi ungekuwa hivi:

"Ununuzi wa karafuu za msimu huu umefunguliwa leo kisiwani Pemba, na wakulima wameanza kupeleka mzigo wao kwenye vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Mwandishi wetu Asha yupo kituo cha Wete. Bi Asha, hapo uliposimama unaona nini?"

Angalia namna unavyomalizika: jina, kisha swali moja. Jina linamwamsha Asha, na swali linamwonyesha pa kuingilia. Khamis akishauliza anyamaze kabisa. Asijaze ukimya kwa "ehe" au "karibu sana", kwa sababu neno hilo litamfikia Asha akiwa ameshaanza kusema. Atasita akidhani anakatizwa, Khamis naye atasita, na wote wawili wataanza tena kwa pamoja. Mkigongana hivyo, mtangazaji ndiye anayenyamaza. Iwe kanuni yenu ya siku zote, msiijadili hewani.

Jibu la kwanza ni la kuonyesha mahali. Lina sekunde 40 tu, na hapa ndipo wanagenzi wengi hutupa vivumishi: pilikapilika kubwa, hali ya shamrashamra, umati mkubwa. Maneno hayo yanafaa Wete, yanafaa Darajani na yanafaa Forodhani siku ya sikukuu, basi hayamwonyeshi msikilizaji kitu. Anza na ulipo, sogea kwenye kilicho karibu yako, kisha mchague mtu mmoja anayefanya kitu kimoja, umfuate kwa macho hadi akimalize. Asha angesema hivi:

"Bwana Khamis, nimesimama mlangoni mwa ghala la Wete, hatua tatu kutoka kwenye mzani. Nyuma yangu magunia yamepangwa safu mbili, nimehesabu 34, na kila gunia mwenyewe kakaa juu yake. Mzee mmoja kalifungua lake sasa hivi. Mpimaji kaingiza mkono mpaka chini ya gunia, katoa konzi moja, kaimwaga kwenye kiganja. Anachagua vijiti vya makonyo vilivyobakia, anaviweka kando. Sasa kachukua karafuu moja, anaikunja kwa vidole. Imekatika. Ni kavu. Gunia linapanda mzani."

Mpimaji kaingiza mkono mpaka chini kwa sababu juu ya gunia huweza kuwa na karafuu kavu na chini zikawa na unyevu. Karafuu iliyokauka hukatika, na yenye maji hukunjika tu. Ukiwa unalijua hilo, utajua lipi la kutazama na utalieleza likiwa linatokea. Usipolijua, utaona mtu anachezea karafuu. Nenda kituoni saa nzima kabla, simama karibu na mzani, uliza kila hatua. Jifunze na vipimo: karafuu mbichi wachumaji huzihesabu kwa pishi, kavu hupimwa kwa kilo. Mwandishi akichanganya hapo, Pemba yote itajua kwamba hajawahi kukaa kwenye jamvi la karafuu. Bei nayo isomwe kutoka ubaoni pale kituoni, iandikwe kwenye daftari, na isomwe tena kutoka daftarini. Bei ya kusikia kwa mtu njiani haiendi hewani.

Kuhusu idadi ya watu, usikisie. Hesabu kumi, tazama kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha pima foleni yote kwa nafasi hiyo, useme "kama 60 hivi". Na usiseme kulia wala kushoto, maana msikilizaji hajui umegeukia wapi. Sema upande wa bandarini, upande wa barabara ya Chake. Neno "hapa" pia lina mtego, kwani aliyefungua redio katikati hajui hapa ni wapi. Kila jibu liwe na jina la Wete japo mara moja.

Sauti ya mahali itakusaidia kwa kiasi tu. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati, takriban hezi 300 hadi 3,400, na simu nyingi zina kazi ya kuondoa kelele za nyuma. Mngurumo wa gari la mizigo au minong'ono ya foleni huliwa hukohuko ndani ya simu. Kinachopita ni sauti kali iliyo karibu: karafuu zinapomiminwa kutoka kwenye gunia, au karani anapoita jina. Ukitaka isikike, nyamaza sekunde mbili, sogeza simu upande ule, kisha rudisha mdomoni, useme mlio ule ni wa nini. Msikilizaji asiyeelezwa atadhani laini imeharibika. Ukiwa na kipaza sauti cha mkono kilichovishwa kikinga upepo, kiweke kama sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni na uupe upepo mgongo.

Maswali yawe matatu, na Asha ajue mada zake bila ya kuandikiwa majibu. La kwanza ni mahali. La pili ni jambo linalomgusa mkulima, kwa mfano malipo yanafanyika vipi. La tatu ni kinachofuata mpaka jioni. Khamis aulize swali moja kwa wakati. Maswali mawili yaliyounganishwa kwa "na pia" humfanya mwandishi ajibu la mwisho na kulisahau la kwanza. Asha akiulizwa asilolijua aseme wazi kwamba bado hajalithibitisha, kisha aongeze lile alilolithibitisha.

Habari za mchana zina jambo lake Zanzibar: adhana ya adhuhuri. Itazame ratiba ya sala tangu asubuhi, ujue msikiti wa karibu uko wapi, umwarifu mtayarishaji ili muda usogezwe mbele au nyuma. Ikiwa adhana imeanza mkiwa hewani, malizia sentensi uliyonayo na umrudishie Khamis.

Laini ikikatika, Khamis asubiri sekunde mbili, aite mara moja, "Bi Asha", asubiri mbili nyingine, kisha aseme, "Laini ya Wete imekatika, tutajaribu kumrejesha mwandishi wetu," na aendelee na habari iliyokwisha kuwekwa mbele yake. "Halo, halo, unanisikia?" ni maneno ya fundi kabla ya kuingia hewani. Kwa Asha hali ni tofauti. Akiacha kuisikia studio katikati ya jibu, aendelee mpaka amalize jibu lake, kwani huenda iliyokatika ni njia ya kurudi peke yake na nyumbani bado anasikika vizuri.

Kufunga ni kazi ya studio. Asha atoe maneno mliyokubaliana, "kwa sasa ni hayo kutoka Wete", kwa sauti inayoshuka. Khamis apokee papo hapo: "Ahsante Bi Asha, akiwa kituo cha ununuzi wa karafuu Wete." Hapo Asha abaki kimya, simu sikioni, asicheke na wenzake wala asiulize "imetoka vizuri?", mpaka amsikie fundi akimwambia kwamba ametolewa hewani.