Soma umbo kabla ya picha

Swali la wiki: "Nakariri alama za barabarani kwa ajili ya mtihani wa udereva, lakini za onyo, za katazo na za amri zinanichanganya. Ninyi mlizitofautishaje kwa umbo na rangi?"

Mimi nilianguka mtihani huo mara ya kwanza, na nilipoonyeshwa makosa yangu niliona jambo la ajabu: picha zote nilikuwa nazijua. Baiskeli niliijua, mshale niliujua, namba nilizijua. Nilichokosea ni kutotazama picha hiyo imewekwa ndani ya nini. Mara ya pili nilianza na umbo, rangi ikafuata, picha nikaiacha mwisho kabisa.

Umbo ndilo linalokata kwanza. Ukiona pembetatu yenye ncha juu, hilo ni onyo, na huna haja ya kuhangaika na rangi. Ukiona duara, bado hujajua, kwa sababu katazo na amri zote ni duara. Hapo ndipo rangi inapoamua: duara lenye ukingo mwekundu ni katazo, duara la buluu lenye picha nyeupe ni amri. Wengi hukariri kwamba "nyekundu ni marufuku", kisha wanakwama kwenye pembetatu, maana nayo ina ukingo mwekundu. Nyekundu peke yake haitenganishi onyo na katazo. Umbo ndilo linalofanya kazi hiyo.

(Hapa nazungumzia mfumo wa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani. Mkataba huo unaruhusu pia onyo liwe mraba wa manjano uliosimama kwa pembe yake. Fungua kitabu chako uone nchi yako imechagua lipi, kisha ukariri hilo tu.)

Ili picha isinivute tena, kila umbo nililipa neno lake la kuanzia sentensi. Pembetatu huanza na "Mbele kuna". Duara jekundu huanza na "Usi". Duara la buluu huanza na "Lazima". Sasa chukua baiskeli ileile uipitishe kote. Ndani ya pembetatu: mbele kuna waendesha baiskeli, chunga. Ndani ya duara lenye ukingo mwekundu: usipite hapa na baiskeli. Ndani ya duara la buluu: mwenye baiskeli, lazima utumie njia hii. Picha ni moja, ila ujumbe wa pili na wa tatu unapingana kabisa.

Namba nazo hivyohivyo. 30 ndani ya ukingo mwekundu ni usizidi kilomita 30 kwa saa. 30 nyeupe juu ya buluu ni lazima uende angalau 30. Anayesoma namba tu atajibu "kasi ni 30" kwa zote mbili, na mtunga mtihani anamsubiri hapohapo.

Mishale ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa hiyo niiseme kwa utulivu. Fikiria unafika kwenye makutano yenye njia tatu: kushoto, mbele na kulia. Ukikuta duara lenye ukingo mwekundu na mshale wa kushoto uliokatwa kwa mstari mwekundu, umefungiwa njia moja tu. Mbele na kulia bado zako, kama hakuna alama nyingine. Ukikuta duara la buluu lenye mshale wa kwenda mbele, umebakiwa na njia moja tu. Kushoto na kulia zote zimefungwa. Katazo huondoa kile lilichochora, amri huondoa vyote ambavyo haikuvichora. Jibu la mtego kwenye mtihani huwa "unaruhusiwa kwenda mbele". Linasikika sawa, lakini si sawa, kwa kuwa duara la buluu halitoi ruhusa, linatoa amri. Tangu nianze kuhesabu njia zilizobaki, sijakosea swali la aina hiyo.

Kuna mtego mwingine unaotokana na mstari ule wa kukata. Tumezoea kwamba kitu kisipokatwa mstari mwekundu kimeruhusiwa. Kwenye alama za barabarani si hivyo. Baiskeli iliyo ndani ya ukingo mwekundu bila mstari wowote bado imekatazwa, na lori vilevile. Alama ya kutokupita gari lingine nayo huchorwa magari mawili ubavu kwa ubavu, moja jekundu na moja jeusi, bila kukatwa. Katazo limo kwenye ukingo. Mstari umeongezwa kwenye baadhi tu, kama zile za kukataza kukata kona, kwa hiyo usiutafute ndipo uamini.

Basi vipi kuhusu duara la buluu lenye ukingo mwekundu? Hili lilinichanganya wiki nzima, kwa sababu lina rangi za kambi zote mbili. Ni katazo. Mstari mmoja wa mshazari maana yake usiegeshe. Mistari miwili iliyopishana maana yake usisimame kabisa, hata kumshusha mtu. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba ukingo mwekundu ukikutana na buluu, ukingo ndio unaoshinda. Duara jekundu lote lenye upau mweupe wa kulala katikati ni katazo pia: usiingie.

Alama mbili sikuziweka kwenye mafungu haya. Ya kusimama ina pembe nane, na ya kutoa njia ni pembetatu iliyogeuzwa, ncha chini. Maumbo hayo yametengwa kwa ajili yao, ndiyo maana unaweza kuzitambua hata ukiziona kwa nyuma ukiwa barabara nyingine, ukajua nani anatakiwa akupishe. Jihadhari tu usiitie hiyo pembetatu ya ncha chini kwenye maonyo kwa haraka. Angalia ncha imeelekea wapi.

Katika kujisomea, nilichora kadi za karatasi bila picha yoyote, maumbo na rangi tupu. Mtu ananionyesha kadi, nami natamka neno la kuanzia tu: "Mbele kuna", "Usi", au "Lazima". Siku mbili za kwanza sikugusa picha hata moja. Nilipoanza kuzirudisha, nilirudisha picha moja katika maumbo yote inamokuwamo, si ukurasa mzima wa maonyo, kisha ukurasa wa makatazo. Vitabu vingi vimepangwa kwa kurasa za namna hiyo, na ukisoma hivyo jicho huzoea mahali alama ilipo kwenye ukurasa badala ya umbo lake. Kwenye mtihani alama huja zimechanganywa.

Kadi za mwisho kuongeza ziwe zile za "mwisho wa". Duara jeupe lisilo na ukingo mwekundu, limekatwa kwa mstari mweusi wa mshazari, linasema katazo limeishia hapo. Duara la buluu lenye 30 iliyokatwa kwa mstari mwekundu linasema ile amri ya angalau 30 imekwisha. Hilo la pili watu wengi hulijibu "usiende 30". Ukishikwa nalo, tafuta ukingo mwekundu. Haupo, kwa hiyo neno "Usi" halina pa kukaa.