Kivuli cha kidole kwenye picha ya jedwali: usikimbilie nyeusi na nyeupe

*Swali: Nimepiga picha ya jedwali kwa simu. Mkono wangu umeweka kivuli kona ya chini kulia, na karatasi ilikuwa imekunjwa katikati. Nimeigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, ikaonekana safi, lakini programu imeruka tarakimu za konani na kuongeza mstari ambao haupo. Nitumie programu gani nyingine?*

Usibadilishe programu ya kusomea. Kosa limefanyika kabla picha haijaifikia, na ni kosa ninaloletewa karibu kila wiki: watu wanadhani nyeusi na nyeupe ni njia ya kusafisha picha, kumbe ni njia ya kutupa habari. Kichujio hicho kwa kawaida huchagua kiwango kimoja cha mwanga kwa ukurasa mzima, na chochote kilicho chini yake kinakuwa cheusi.

Chukua mfano. Kwa kipimo cha mwanga cha 0 kwa nyeusi hadi 255 kwa nyeupe, mahali penye mwanga karatasi ina thamani 210 na wino 60. Ndani ya kivuli karatasi imeshuka hadi 56 na wino hadi 16. Ukikata kwenye 128, kona yote inakuwa nyeusi, karatasi na tarakimu pamoja. Ukishusha kiwango hadi 50, wino wa kivulini unajitokeza, ila ule wa 60 penye mwanga unafutika. Kuongeza mwanga wa picha nzima hakusaidii pia, maana pengo kati ya wino na karatasi ni 150 upande mmoja na 40 upande wa pili.

Sasa gawanya badala ya kutoa. 60 kwa 210 ni takriban 0.29, na 16 kwa 56 ni takriban 0.29 vilevile. Kivuli hupunguza mwanga wa wino na wa karatasi kwa uwiano mmoja, kwa hiyo ukijua karatasi tupu ingekuwa na mwanga gani kila mahali, ukagawanya picha kwa huo mwanga, kivuli kinaondoka na tarakimu zinabaki. Kwa OpenCV, maktaba ya kuchakata picha inayotumika ndani ya Python, ni mistari michache:

```python
import cv2, numpy as np
p = cv2.imread("jedwali.jpg", 0)
k = np.ones((25, 25), np.uint8)
bg = cv2.morphologyEx(p, cv2.MORPH_CLOSE, k)
bg = cv2.medianBlur(bg, 51)
safi = cv2.divide(p, bg, scale=255)
cv2.imwrite("safi.png", safi)
```

Hiyo 25 ni lazima izidi unene wa mstari mnene kuliko yote kwenye jedwali, kwa pikseli. Ikiwa ndogo mno, herufi nene zitatoboka katikati. Ikiwa kubwa mno, ukingo wa kivuli utaacha utepe mweusi, na programu itausoma kama mpaka wa safu.

Mkunjo una matatizo mawili. Weusi wake unapungua kwa hesabu hiyohiyo, lakini ufa mwembamba unaweza kubaki, na nadhani ndio uliokuletea mstari wa ziada. La pili ni umbo. Kunyoosha picha kwa pembe nne huchukulia kuwa karatasi ni bapa, na yako ina bapa mbili zilizokutana kwenye mkunjo. Weka alama sita: pembe nne na ncha mbili za mkunjo. Nyoosha kila nusu peke yake kwa `cv2.getPerspectiveTransform` na `cv2.warpPerspective`, ukipima urefu wa kila nusu kwenye karatasi yenyewe, kisha ziunganishe. Fanya haya yote picha ikiwa bado ya kijivu.

Baada ya hapo hesabu mistari kwa macho, kisha jumlisha kila safu na ulinganishe na jumla iliyochapwa. Tuseme tofauti ni 500 kamili. Tafuta kivulini tarakimu ya mamia iliyosomwa 3 badala ya 8: 1,840 imegeuka 1,340. Tarakimu iliyorukwa utaiona. Iliyosomwa vibaya haijitangazi.

Na hapa ndipo ninapokosa subira. Wapo wanaouza kitufe cha "kufuta kidole". Kivuli hupunguza mwanga, lakini kidole kinaziba wino. Chini yake kamera haikuona kitu, na programu inayojaza hapo inabuni kwa kuiga pikseli za jirani. Kwenye picha ya mandhari hakuna atakayeumia, lakini kwenye jedwali utapata nafasi tupu au tarakimu ya uongo iliyopangwa vizuri ndani ya kisanduku chake. Kama kidole kimefunika hata kisanduku kimoja, piga picha upya: bana kingo za karatasi kwa vitu vizito nje ya jedwali, weka taa pembeni ili simu isitie kivuli chake, na uinue simu juu kidogo kisha ukuze. Kama karatasi haipo tena, acha kisanduku wazi na uandike kuwa hakisomeki.