Adistoki kwanza au kushiba kwanza?

Swali: "Najenga modeli yangu ya kwanza ya midia, data ya wiki, redio Kampala na Mbarara. Naanza na adistoki au sacharesheni? Na je, mpangilio una shida?"

Mpangilio unabadilisha jibu kabisa, hebu tupige hesabu. Adistoki ni kwamba tangazo la wiki hii bado linafanya kazi wiki ijayo ila kwa nguvu ndogo, kushiba, yaani hiyo sacharesheni, ni kwamba shilingi ya mwisho haileti mauzo kama ya kwanza.

```
a = 0
for x in matumizi:
    a = x + lam * a
    athari = a**s / (k**s + a**s)
```

Hapo lam ni sehemu ya nguvu inayobaki wiki ijayo, k ni kiwango ambacho athari inafika nusu, s ni umbo la mkunjo. Chukua lam 0.5, k milioni 10, s 1, ni namba za kurahisisha tu (Robyn, programu ya Meta ya modeli hizi, kwa redio wanashauri lam ya 0.1 hadi 0.4). Una milioni 40. Ukizimwaga wiki moja, adistoki inakuwa 40, 20, 10, 5 inashuka hivyo, na ukigawa milioni 10 kwa wiki nne inakuwa 10, 15, 17.5, 18.75 kisha inaanza kushuka. Pitisha kwenye kushiba, jumlisha athari mpaka mkia uishe: mpango wa kwanza kama 2.7, wa pili kama 3.6. Sasa geuza, shibisha kwanza ndo uweke adistoki: 1.6 kwa 4.0! Data ile ile, lakini faida ya kugawa imeruka kutoka mara 1.3 hadi 2.5, na hiyo ndo namba bosi ataipangia bajeti.

Kwa redio inayotangaza kila wiki mimi naweka adistoki kwanza, maana msikilizaji anashiba kwa yale yaliyolundikana, sio ya wiki hii peke yake. Kama matangazo ni ya kuwaka na kuzima, mlipuko mmoja mkubwa alafu kimya, mpangilio wa pili unaweza kufaa zaidi.

Ila kinachosumbua watu zaidi kiko kwenye data yenyewe. Ukitumia milioni 10 kila wiki mwaka mzima, adistoki inatulia 20 na modeli haina pa kuiona lam wala k, itakupa namba tu na zitaonekana nzuri. Jaribu hivi: funga lam kwenye 0.2, alafu 0.4, alafu 0.6, fiti upya kila mara. Kama R² haisogei lakini mchango wa redio unarukaruka, basi hiyo lam imetoka kwa mipaka uliyoweka mwenyewe, data haijasema kitu. Hapo omba wakuzimie matangazo ya Runyankore huko Mbarara kwa wiki kadhaa, Kampala waendelee kama kawaida, uangalie mauzo ya Mbarara yanashuka haraka kiasi gani. Na uombe pia matumizi ya wiki za kabla data ya mauzo haijaanza, la sivyo a inaanza sifuri na wiki za mwanzo zitakudanganya.

Weka hapa chati ya matumizi yako ya wiki, tuone kama yanapandapanda au ni mstari ulionyooka.